Sukari ikishuka, ni wazimu kisheria?

"Mdogo wangu yuko Uingereza, ana kisukari. Sukari ilishuka akampiga mwenzake, hakumbuki kitu. Eti korti itamwita mwendawazimu?"

Pole, ndugu. Inategemea kilichompoteza fahamu. Muuguzi Quick alijidunga insulini, akala kidogo, kisha akampiga mgonjwa. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ilifuta hatia yake, kwa sababu chanzo kilitoka nje ya mwili, yaani insulini. Mgonjwa mwingine wa kisukari, Hennessy, hakujidunga siku kadhaa, sukari ikapanda, akaendesha gari la wizi. Mwaka 1989 ugonjwa wenyewe ukahesabiwa chanzo cha ndani, hivyo wazimu. Kwangu mgawanyo huu si wa haki. Tafuteni vipimo vya siku ile, saa aliyojidunga na aliyokula. Ikionekana alijua hatari akapuuza kula, utetezi unaweza kuanguka.