Picha 612, albamu ya picha 24

Mteja akikuletea flashi yenye picha mia sita na kukwambia "nichagulie nzuri", usianze kutafuta nzuri. Nzuri utapata mia mbili, na albamu ya picha mia mbili hakuna mgeni anayeimaliza. Atatazama kwa makini mpaka ya thelathini hivi, halafu utamwona anafunua kurasa tatu tatu huku anauliza habari za watoto. Nawaandikia nyie mnaoanza kazi hii ya albamu, na nitashika kazi moja tu niliyoifanya hapa Dodoma, maana ndani yake yalikutana karibu yote yanayotutoa jasho.

Ilikuwa familia moja. Nanenane ya 2025 iliangukia Ijumaa, wakazitumia siku zile tatu kwenda Kondoa kusalimia ndugu, wakapanda Kolo kuona michoro ya miambani, kisha wakasogea hadi Ziwa Babati. Walirudi na picha 612: simu mbili, kamera ndogo moja, na nyingine alizotuma mjomba kwa WhatsApp. Za barabarani 96, za nyumbani kwa ndugu 97, za Kolo 231, za ziwani 188. Mama mwenye kazi alitaka 24.

Nilinakili zote kwenye kompyuta, flashi nikaiweka kwenye bahasha na sikuigusa tena. Kisha nikazipanga kwa saa ya kupigwa, na hapo ndipo vurugu ilipoanza. Watoto walikuwa wanapanda mlima wa Kolo kabla hawajanywa chai. Jua limewaka kwenye picha, lakini kompyuta inasema ni 02:10 usiku. Nikacheka peke yangu: aliyeiweka sawa ile kamera aliangalia saa yake ya ukutani, ikawa saa mbili asubuhi, akaandika 02:00. Kwa kamera hiyo ni usiku wa manane. Kamera nzima ilikuwa nyuma kwa saa sita, hivyo niliongeza saa sita kwenye picha zake zote na mpangilio ukakaa. Mkiona jua kali saa nane usiku, anzeni kushuku hilo.

Za mjomba zilikuwa na tatizo jingine. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza saa yake ya kupigwa, na jina lake, mfano `IMG-20250812-WA0031.jpg`, hubeba tarehe ya kutumwa. Mjomba alizituma Jumanne, safari imeisha Jumapili. Pia hupunguzwa ukubwa, kwa hiyo ukiitandaza ukurasa mzima sura zinakuwa kama zimepakwa uji. Tulimpigia akazituma upya kama dokumenti, zikaja na ukubwa wake na saa zake.

Mzunguko wa kwanza nilikwenda mbio, sekunde mbili kwa picha. Hapa huchagui kitu, unatoa taka tu: zilizotikisika, kidole kwenye lenzi, picha ya vumbi iliyopigwa simu ikiwa inarudishwa mfukoni, picha ya risiti ya mafuta. Sikuzifuta, nilizihamishia folda nyingine. Zikabaki 430.

Mzunguko wa pili ndio kazi yenyewe. Hapa picha haishindani na albamu nzima, inashindana na ndugu zake waliopigwa dakika ile ile. Nilizifunga mafungu, kila tukio fungu lake, nikapata mafungu 88. Kila fungu linatoa moja. Likinishinda linatoa mbili, nazikutanisha kesho yake asubuhi macho yakiwa mapya.

Chukueni fungu kubwa kuliko yote, la Kolo: picha 38 za familia imesimama chini ya mwamba wenye michoro. Ukizitazama zikiwa ndogo zinafanana kama punje za mtama. Nikazikuza moja moja hadi macho yaonekane. Kumi na tisa zilianguka papo hapo kwa macho yaliyofumba au mtoto aliyegeuka na kuwa ukungu. Saba zilikuwa na jua mgongoni, nyuso nyeusi. Zilizobaki 12 zilikuwa safi, wote wamenyooka, wote wanatabasamu kama picha ya kitambulisho, na michoro nyuma yao haionekani. Michoro ile ni ya rangi nyekundu iliyofifia, na mtu akisimama mbele yake akapigwa kwa mbali, mwamba unakuwa mwamba tu. Unaweza kusema wako nyuma ya shule.

Basi nikarudi kwenye zile nilizozitoa. Kulikuwa na moja ambayo baba amekatwa bega na mtoto mdogo ameipa kamera kisogo. Lakini mwongoza wageni ameinua fimbo kuelekea ukutani bila kuugusa, na watoto wawili wamefuata ncha ya fimbo kwa macho, midomo wazi. Hiyo ndiyo iliyoingia. Kando yake, ukurasa wa kulia, nikaweka picha ya karibu ya mchoro wenyewe, watu wembamba warefu, iliyopigwa kivulini rangi ikiwa imeshika. Ya kushoto inakwambia kuna kitu wanakiangalia, ya kulia inakuonyesha. Zile 12 safi nilimpa mama achague moja ya kutundika sebuleni, maana huko ndiko mahali pake.

Ziwani nilipata mafungu mengi ya viboko. Ukishika simu kwa mkono ulionyooshwa, ni vidoa vya kijivu kwenye maji ya kijivu. Kipimo changu ni kumwita mtu ambaye hakuwa safarini, nisimwambie neno, nione anasema nini. Kijana wa duka la jirani alitazama akasema, "Mawe?" Nikaziacha zote. Nikachukua ya mtoto aliyekaa mabegani mwa baba yake, kiganja juu ya nyusi, anachungulia mbali.

Angalieni pia picha ya jasho. Mjomba alikuwa na picha ya bonde aliyopiga baada ya kupanda juu kabisa, na alikuwa anaisifu kwa simu. Alichopiga ni ukungu wa vumbi la Agosti na mstari wa miti. Yeye akiitazama anaona magoti yake yakitetemeka, mgeni anaona vumbi. Hii ni ngumu kumwambia mtu, na mimi humwonyesha tu pamoja na nyingine mbili za siku hiyo na kunyamaza.

Kutoka 88 hadi 24 sikutumia skrini. Nilisafisha zote kwa vipimo vidogo vya karatasi, kama kadi za simu za zamani, nikazitandaza mezani kwa mpangilio wa safari. Mezani unaona kwa jicho moja kwamba una chakula mara tano na barabara mara tisa. Sahani ya ugali na kuku ilibaki moja, yenye mikono mitano juu yake. Barabara ilibaki moja ya kuondoka, alfajiri, mabegi juu ya gari, na moja ya kurudi, watoto wote wamelala kiti cha nyuma wameegemeana.

Mama alikuja Jumamosi, akapitisha kidole juu ya meza taratibu mpaka mwisho. "Viboko wako wapi?" Nikamweleza ile habari ya mawe. Akasema, "Mwanangu hajawahi kuona kiboko maishani mwake. Weka." Nikatoa ile ya barabara ya alfajiri, nikaweka kiboko mmoja mwenye masikio yanayoonekana kidogo, chini ya picha ya mtoto mabegani, na kwa kalamu nikaandika siku na mahali. Zile 588 nikamrudishia kwenye flashi yake, folda moja, jina "zilizobaki".