Mfumuko umepungua, mkate umepanda: nani kakosea?

Swali: Taarifa ya habari ilisema mfumuko wa bei umeshuka, na wiki hiyohiyo mkate tunaonunua umepanda bei. Je, watangazaji wanalitumia vibaya neno hili? Na je, tuandike mfumuko au mfumko?

Jibu: Mtangazaji hakukosea, na wewe hukukosea. Kinachowagonganisha ni kitenzi "umeshuka", lakini kabla ya kukifikia tumalize la tahajia, maana ni fupi.

Andika *mfumuko*. Nomino hii imetokana na kitenzi *fumuka*, kwa njia ileile iliyotupa mlipuko kutoka lipuka, mpasuko kutoka pasuka na mzunguko kutoka zunguka. Shina hubaki na irabu zake zote. *Mfumko* ni matamshi ya haraka yaliyoingia kwenye maandishi, nayo hayana haki kubwa kuliko "mzungko". Kwa upatanisho, neno limo katika ngeli ya U-I: mfumuko *wa* bei *umepungua*, mfumuko *mkubwa*. Ukisikia "mfumuko wa bei imepanda", msemaji amevutwa na *bei*, iliyokaa karibu na kitenzi, akaisahau nomino inayotawala sentensi.

Fumuka yenyewe inafaa kutazamwa. Kufuma ni kuunganisha nyuzi, kufumua ni kuziachanisha, na nguo iliyofumuka ni ile ambayo mshono wake umeachia. Kwa hiyo picha iliyomo katika neno ni ya bei zilizokuwa zimeshikiliwa zikaachia. Wengine hudhani linahusiana na unga wa mkate unaovimba kwa hamira. Huo *unaumuka*, si kufumuka. Ni vitenzi viwili, ingawa sauti zinakaribiana na mkate umekaa katikati kama mtego.

Picha hiyo ina kasoro moja. Mlipuko, mpasuko na mfumuko hutufanya tutarajie jambo la ghafla na la nguvu, ilhali wachumi hutumia neno hili hata bei zinapopanda polepole, asilimia 2 kwa mwaka. Kwao, mfumuko wa bei ni kasi ya kupanda kwa bei kwa jumla. Si kiwango cha bei, wala si ughali. Ukilishika hilo, fumbo lako limekwisha nusu.

Nusu iliyobaki tuihesabu kwa mkate wenyewe, katika sarafu yoyote uitakayo. Tuseme uliuzwa 100 kwa muda mrefu, hadi Aprili. Mwezi Mei ukaruka hadi 120, ukatulia hapo mwaka mzima. Mei ya mwaka uliofuata ukapanda tena, ukawa 126.

Takwimu inayotajwa sana kwenye habari ni mfumuko wa mwaka. Huchukua bei ya mwezi huu na kuilinganisha na ya mwezi uleule mwaka uliopita: toa ya zamani kwenye mpya, gawanya kwa ya zamani, zidisha kwa 100. Mei ya kwanza, 120 ililinganishwa na 100, jibu likawa asilimia 20. Juni bei haikusogea hata kidogo, lakini jibu lilibaki asilimia 20, kwa kuwa Juni ya mwaka uliotangulia mkate ulikuwa bado 100. Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi hadi Aprili. Ilipofika Mei ya pili, kipimo cha nyuma hakikuwa tena 100, kilikuwa 120. Mkate wa 126 umepanda kwa 6 juu ya 120, sawa na asilimia 5.

Basi mwezi huohuo mambo mawili ni kweli kwa pamoja. Mfumuko umetoka asilimia 20 hadi 5, na mkate umetoka 120 hadi 126. Hata kama mkate ungebaki 120, mfumuko ungesomeka sifuri, wala mnunuzi asingerudishiwa zile 20 alizoanza kuongeza mwaka mmoja nyuma. Bei ya zamani hairudi kwa sababu mfumuko umepungua. Ili irudi, mfumuko ungepaswa kupita sifuri na kuwa hasi: mkate wa 114 mbele ya 120 ya mwaka jana ungetupa hasi 5. Hapo ndipo mtangazaji angesema *bei zimeshuka*.

Ndiyo maana napendelea *mfumuko umepungua* kuliko *mfumuko umeshuka*. Sarufi inakubali yote mawili. Ila *shuka* tumezoea kulifungamanisha na bei, na sikio la msikilizaji huruka neno la mwanzo likashika "bei umeshuka". Mhariri mwenye nafasi ya maneno mawili zaidi aandike "kasi ya kupanda kwa bei imepungua". Ni ndefu kidogo, lakini haimdanganyi mtu aliye dukani.

Tahadhari moja kuhusu hesabu yangu: nimeufanya mkate usimame peke yake, na katika takwimu halisi hausimami hivyo. Watakwimu hukusanya bei za kapu la bidhaa na huduma, kuanzia vyakula, nauli na kodi ya nyumba hadi mavazi, kisha kila kimoja hupewa uzito kulingana na sehemu yake katika matumizi ya kaya. Mabadiliko ya kapu zima ndiyo huonekana kwenye fahirisi ya bei. Mkate ukiwa na uzito wa 2 kati ya 100, ukapanda kwa asilimia 20 na vingine vyote vikatulia, kapu litapanda kwa asilimia 0.4 tu. Kwa msingi huo, "mfumuko wa bei ya mkate" ni usemi ninaouepuka, kwa kuwa bidhaa moja *hupanda bei*, basi. "Mfumuko wa bei za vyakula" hauna tatizo, maana hapo ni kundi zima linalopimwa. Kaya inayotumia sehemu kubwa ya kipato kwa chakula itaona makali kuliko takwimu ya jumla, bila yeyote kuwa amepika namba.

Kuna na upandaji usioonekana kwenye kibandiko cha bei. Mkate wa gramu 500 ukibadilishwa kuwa wa gramu 400 na bei ikaachwa 100, kila gramu imetoka 0.20 hadi 0.25. Umepanda kwa asilimia 25, ingawa utasikia "bei haijabadilika". Mkusanya takwimu makini huandika uzito pamoja na bei ili ajue analinganisha kitu kilekile. Nawe ukitaka kuhakiki malalamiko yako, gawanya bei kwa gramu zilizoandikwa kwenye karatasi ya mkate, halafu linganisha na mwezi kama huu mwaka jana badala ya wiki iliyopita.

La mwisho ni la lugha tena. Usiandike "bei ghali". Mkate ndio ghali. Bei huwa *kubwa* au *juu*. Kosa hili hutembea bega kwa bega na lile la mfumuko, pengine katika aya ileile ya habari.