Maswali ya Ununuzi: Zabuni Inasomeka Vizuri, Ila Haijaamua Kitu

Nitumie programu gani kugundua zabuni iliyoandikwa na akili mnemba? *(Ofisa ununuzi, Morogoro)*

Hakuna. Swali hili linarudi kila mara na jibu langu halijabadilika. Programu hizo hukisia kwa kuangalia mtindo wa sentensi, na lugha ya zabuni ilikuwa kavu na ya kurudiarudia hata kabla ya akili mnemba kuzaliwa. Utamshuku aliyejiandikia mwenyewe kwa Kiingereza cha darasani, umwache aliyebadilisha maneno mawili matatu. Na hili hukuuliza: ukiibandika zabuni ya mtu kwenye tovuti ya nje ili ipimwe, umetoa siri ya mzabuni wakati tathmini inaendelea. Hapo mwenye kesi ni wewe.

Basi nikiwa na uhakika kwamba ametumia, naruhusiwa kumkata? *(Mjumbe wa kamati ya tathmini, Tabora)*

Hapana, labda kama nyaraka zenu zilikataza. Kamati hupima kwa vigezo vilivyotangazwa tu.

Tumetangaza zabuni ya kisima kirefu. Wazabuni wote wametaja kijiji chetu, wamegusa kila sharti na wameandika vizuri. Tunawachujaje? *(Ofisa ununuzi wa halmashauri, Arusha)*

Kutajwa kwa kijiji hakuthibitishi lolote siku hizi. Zamani mvivu alisahau jina la mradi mwingine katikati ya kurasa zake, tukamnasa bila jasho. Leo anaingiza hadidu zenu kwenye mashine na kurudishiwa maneno yenu wenyewe yakiwa yamepigwa pasi. Kwa hiyo msitafute maneno. Tafuteni uamuzi: kipi kitatangulia, kwa mtambo upi, na nini kitafanyika mambo yakiharibika.

Tuseme kijiji kipo pembezoni mwa Mlima Meru. Hadidu zinataka kina cha mita 120, jaribio la kusukuma maji kwa saa 24, pampu ya umeme wa jua, na floraidi isiyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Mtu yeyote aliyefanya kazi ya maji ukanda ule anajua kwamba floraidi ndiyo hatari ya kwanza. Unaweza kupata maji mengi na bado ukakifunga kisima.

Mzabuni wa kwanza ameleta kurasa 30. Kuhusu floraidi anasema, "tutahakikisha ubora wa maji unazingatia viwango vyote husika." Msipoteze muda kubishana na sentensi hiyo, fungueni ratiba yake. Pampu inafungwa wiki ya 4, jaribio la kusukuma maji ni wiki ya 5, majibu ya maabara wiki ya 6. Hapo ameshajianika. Ukubwa wa pampu huchaguliwa baada ya jaribio, pale inapojulikana kisima kinatoa maji kiasi gani kwa saa na maji yanashuka hadi wapi yakivutwa. Huyu anafunga pampu asiyojua itavuta nini, kwenye kisima ambacho hajui kama maji yake yananyweka. Nendeni kwenye jedwali la bei: gharama ya maabara haipo. Nendeni kwenye orodha ya mitambo: maelezo yanasema atatoboa mwamba kwa nyundo ya upepo, lakini kompresa ya kuiendesha haionekani popote. Kila ukurasa peke yake unasomeka vizuri. Ukiwekwa kando ya mwingine, haviendani.

Mzabuni wa pili ana kurasa 5, na sarufi yake inachechemea. Anasema atapeleka mtambo kabla ya masika kwa sababu gari zito halitapita baada ya hapo. Akifikia maji, atapima floraidi palepale kwa kifaa cha mkononi; ikizidi 1.5 atasimama na kumwandikia mhandisi kabla ya kushusha mabomba. Sampuli ya maabara itachukuliwa mwishoni mwa jaribio la saa 24, na pampu itaagizwa majibu yakishatoka. Bei ya maabara ipo kwenye jedwali. Sijali kama aliandikiwa na mashine au na binti yake aliyeko chuo. Ameahidi vitu ambavyo mnaweza kumbana navyo kwenye mkataba.

Sasa sehemu ambayo hamtaipenda. Ikiwa kigezo chenu kilisema tu "mzabuni awasilishe mbinu ya utekelezaji," basi wa kwanza amewasilisha, tena kurasa 30. Mkimwangusha kwa kigezo mlichokibuni ndani ya chumba cha tathmini, atakata rufaa na ataeleweka. Dawa ilitakiwa iwe kwenye tangazo: "Eleza utakachofanya floraidi ikizidi 1.5, na onyesha gharama yake iko kwenye kipengele gani cha jedwali la bei." Ongezeni kwamba mbinu itapimwa kwa kulinganishwa na ratiba, mitambo na bei, na semeni mapema ni kasoro ipi itamwangusha mtu.

Lakini hamwandiki hivyo, kwa sababu nyaraka zenyewe mmenakili za mwaka jana. Nimewahi kushika nyaraka za kisima zenye masharti ya kumwaga lami. Ofisa aliyezitoa alikuwa akilalamika kwamba wazabuni hawasomi.

Wazabuni wawili wana aya zinazofanana neno kwa neno. Hiyo si njama? *(Ofisa ununuzi, Mbeya)*

Inaweza kuwa njama, au wamemlipa mwandishi mmoja wa zabuni, au wameiuliza mashine moja swali moja. Aya peke yake haitoshi. Angalia bei: je, kila bei ya B ni ya A ikiongezwa asilimia 5, kipengele hadi kipengele? Je, wote wamekosea hesabu ya kujumlisha kwenye mstari uleule? Simu au anwani ni moja? Ukikuta hayo, liandike kwenye taarifa kama ulivyoliona na umfikishie ofisa masuuli. Usiwapigie wazabuni simu kuwauliza.

Mbinu ya mzabuni mmoja ni ya jumla mno lakini bei yake ni nzuri. Tumwombe aiandike upya? *(Katibu wa kamati, Lindi)*

Ufafanuzi kwa maandishi, ndiyo. Kuandika upya, hapana. Unaweza kumuuliza ni wiki ipi kati ya mbili zilizopo kwenye ratiba yake ndiyo sahihi. Huwezi kumwomba alete kompresa ambayo hakuiorodhesha. Na hiyo "bei yake ni nzuri" isiingie kwenye barua, inaonyesha umeshachagua.

Tukiweka sharti la mbinu isiyopungua kurasa 40, si tutawapunguza wababaishaji? *(Halmashauri, Singida)*

Mtawaongeza. Wekeni ukomo wa juu, kurasa 6 zinatosha kwa kisima.

Aliyeshindwa anataka sababu. Tuandike kwamba zabuni yake ilikuwa ya jumla na imetengenezwa na mashine? *(Ofisa ununuzi, Manyara)*

Futa yote mawili. Neno la kwanza ni maoni yako, la pili huwezi kulithibitisha mbele ya Mamlaka ya Rufani za Ununuzi wa Umma. Andika kigezo kwa namba yake, kisha kasoro yenyewe, kwa mfano: ratiba, ukurasa wa 22, inafunga pampu wiki ya 4 kabla ya jaribio la wiki ya 5, kinyume na mpangilio uliotakiwa na hadidu, jedwali la bei halina gharama ya vipimo vya maabara. Kama kigezo cha namna hiyo hakikuwepo kwenye nyaraka zenu, huna sababu ya kumwandikia, na taarifa ya tathmini irudi kwenye kamati kabla barua haijatoka.