Gololi kileleni: kwa wadogo zangu wa PCM mnaochora mshale kinyume

Jumanne jioni hapa Ngamiani nimesahihisha daftari kumi na moja za swali lile lile la picha. Mpira wa maji umepasuliwa katikati kwa urefu, umekunjwa ukawa kitanzi kilichosimama wima, rula ya sentimita 30 imesimama pembeni, na gololi inasubiri juu ya mteremko. Swali lenyewe ni fupi: gololi ifike kileleni ikiwa na kasi gani ndipo isianguke? Daftari saba zina kosa moja. Ni kosa ambalo hata sisi tunaoshika kalamu nyekundu tulilichora tulipokuwa kwenye madawati hayo, basi leo tulimalize.

1. Anza na picha, fomula itasubiri.

Rula ya 30 kwenye picha imechukua pikseli 750, kwa hiyo kila sentimita ni pikseli 25. Kitanzi, kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, ni pikseli 1055, yaani sentimita 42.2. Wengi mnagawa kwa mbili hapo hapo na kukimbilia kikokotoo. Ngoja kwanza. Gololi inapita ndani ya mfereji, haigusi ukingo wa nje. Ukuta wa mpira una unene wa milimita 3 kila upande, toa 0.6, inabaki 41.6. Gololi nayo ina kipenyo cha sentimita 1.6, na kinachozunguka kwenye hesabu ni kitovu chake, si ngozi yake. Toa 1.6, unapata 40 kamili. Nusu kipenyo chetu ni mita 0.20.

Kabla ya kuiamini picha, pima upana wa kitanzi na urefu wake. Visipolingana, ama simu ilishikwa upande ama kitanzi chenyewe kimelegea. Na rula iwe sawasawa na kitanzi, isitangulie mbele. Simu ikiwa mita 1 kutoka kwenye kitanzi na rula ikasogea sentimita 10 kuelekea simu, rula itaonekana kubwa kuliko ilivyo, na nusu kipenyo chako kitapungua kwa asilimia 10. Kasi itapungua kwa asilimia 5 tu kwa sababu ya kipeuo cha pili, ndiyo maana kosa hili hupita kimyakimya.

2. Mshale wa kileleni.

Hapa ndipo penye kidonda. Tumezoea vitu kukaa juu ya meza: uzito unavuta chini, meza inasukuma juu, na mkono umeshazoea kuchora mishale miwili inayotazamana. Tukifika kileleni mwa kitanzi, mkono unarudia ule ule mchoro. Uzito chini, msukumo wa reli juu. Tunaandika mg − N = mv²/r na moyo umetulia kabisa.

Tazama picha tena, taratibu. Kileleni gololi iko chini ya reli. Reli iko juu yake, na reli haina gundi, kazi yake ni kusukuma tu. Ikiwa juu na inasukuma, itasukuma wapi? Chini. Kitovu cha duara nacho kiko chini. Kwa hiyo mishale yote miwili inaelekea upande mmoja:

N + mg = mv²/r

Ubaya wa kosa hili ni kwamba linaficha uso. Kasi ndogo kabisa ni pale reli inapoacha kusukuma, N ikawa sifuri. Weka sifuri kwenye mlinganyo sahihi, unapata v = √(gr). Weka sifuri kwenye ule mbovu, unapata hicho hicho: √(9.8 × 0.20) = mita 1.4 kwa sekunde. Mwalimu mwenye haraka anaweka tiki, nawe unaondoka na ugonjwa wako mfukoni.

Kisha kinakuja kipengele (b): gololi ya gramu 5 inapita kileleni kwa mita 2 kwa sekunde, reli inasukuma kwa kani gani? mv²/r ni nyutoni 0.10, uzito ni 0.049. Sahihi ni 0.10 − 0.049 = 0.051, kuelekea chini. Mwenye mlinganyo mbovu anapata −0.051. Anaitazama ile hasi, anaitilia shaka, anaifuta. Jibu limelingana! Tulifuta sana hasi hizo, jamani. Ile hasi ndiyo iliyokuwa ikikuambia kwamba umegeuza mshale.

Kipengele (c) ndicho kinachoumbua: je, kwa mita 1 kwa sekunde gololi itapita? Sasa mv²/r ni 0.025 tu. Mbovu anapata N = 0.049 − 0.025 = 0.024, chanya safi, anaandika kwa madaha "itapita, reli inaishikilia". Mlinganyo sahihi unatoa −0.024: ili gololi ibaki kwenye duara, ingebidi reli iivute juu, na mpira uliopasuliwa hauwezi kuvuta. Uzito peke yake umezidi kiasi kinachohitajika kuikunja kwenye duara hilo, kwa hiyo gololi inakunja zaidi na kuachana na reli. Safari hii hakuna hasi ya kukushtua.

Kwa kitu kilichofungwa kwenye fimbo ngumu ni habari nyingine: fimbo inaweza kusukuma juu, kwa hiyo kileleni hata kasi karibu na sifuri inatosha.

3. Iachiliwe kutoka wapi?

Daftari nne zimeandika sentimita 40, sawa na kimo cha kilele, eti "nishati inalingana". Inalingana, ndiyo, lakini gololi ingefika kileleni ikiwa imesimama, na tumeshaona inadai mita 1.4 kwa sekunde.

Kitu kinachoteleza bila msuguano kinahitaji kuanzia nusu ya r juu ya kilele, yaani sentimita 10 zaidi: jumla 50. Gololi haitelezi, inaviringika, na mbili ya saba ya nishati yake ya mwendo imo kwenye kule kujizungusha. Kwa hiyo inadai 0.7r, yaani sentimita 14: jumla 54, ukipima kitovu hadi kitovu. Mpira laini nao unatikisika na kula chake, hivyo usishangae gololi ikikataa kupita mpaka uifikishe 60 au zaidi.

Aliyeandika 40 nilimwambia aijaribu palepale, tena arekodi kwa simu. Alitarajia gololi ipande, isimame, irudi nyuma. Kwa hesabu, inaachana na reli kwenye kama sentimita 32, nane kabla ya kilele, ikiwa bado na kasi ya zaidi ya mita 1 kwa sekunde. Ndivyo video ilivyoonyesha, ila chini kidogo ya hapo: gololi ikakata kona hewani kama jiwe lililorushwa, ikagonga upande wa pili wa kitanzi, ikaruka nje na kupotelea chini ya kabati. Bado hatujaipata.