Maswali na Majibu: Kusoma Descartes kwa Mara ya Kwanza

Shikamoo Mwalimu. Nimeisoma Tafakuri ya Kwanza ya mwanafalsafa Descartes mara nne, na kila mara nakwama kwenye aya ya ndoto. Wenzangu wamekwisha kumaliza kitabu kizima. Nifanyeje?

Marahaba. Nakujibu kwa barua ndefu kidogo, kwa kuwa kosa ulilolifanya ndilo linalowaangusha wengi kila mwaka.

Kwanza, iache aya ya ndoto. Unasema umesoma mara nne, lakini kwa kweli hujasoma hata mara moja, maana usomaji wa kwanza haujatimia mpaka ufike ukurasa wa mwisho. Tafakuri hizo, zilizochapwa mwaka 1641, ni sita, na ile shaka ya ndoto inayokusumbua katika ya kwanza, kwamba huenda sasa hivi tunaota tu, hairudiwi na kujibiwa kikamilifu mpaka mwisho kabisa wa ya sita. Hapo ndipo mwandishi anapoeleza kwamba mambo tunayoyaona tukiwa macho huunganishwa na kumbukumbu pamoja na maisha yetu mengine yote, ilhali ya ndotoni hayaungani hivyo. Umekuwa ukilichimba jibu mahali ambapo mwandishi hajalizika.

Descartes mwenyewe aliwahi kutoa ushauri kuhusu jambo hili. Mwaka 1647, kitabu chake cha kanuni za falsafa kilipotoka kwa Kifaransa, alitanguliza barua inayomwomba msomaji akipitie kitabu chote kwanza kama anavyosoma riwaya, bila kuikaza sana akili wala kusimama penye ugumu. Mara ya pili aangalie jinsi hoja zinavyofuatana, na kila anapokwama aweke alama kwa kalamu, kisha aendelee bila kukatiza hadi mwisho. Mara ya tatu, anasema, atakuta sehemu kubwa ya magumu aliyoyawekea alama yamekwisha kutatuka.

Ni haki nikwambie pia kwamba kuhusu Tafakuri zenyewe aliomba jambo linaloonekana kuwa kinyume. Katika majibu yake kwa waliompinga, alitamani wasomaji wakae na mambo ya Tafakuri ya Kwanza kwa miezi, au walau majuma, kabla ya kuendelea. Wapo wanafunzi wanaoishika kauli hiyo ili kuhalalisha kukwama kwao. Kwa maoni yangu, ombi hilo linamhusu mtu anayetaka kutafakari pamoja na mwandishi, naye huwezi kumfuata vizuri kabla hujajua safari yenyewe inaelekea wapi. Pita njia yote kwanza, halafu urudi ukae.

Sasa namna ya kupita. Chukua penseli, na kando ya kila aya andika pambizoni neno moja au mawili yanayotaja kile mwandishi *anachokifanya*, wala si kile anachokisema. Tuijaribu Tafakuri hiyohiyo iliyokushinda. Mwanzoni anaeleza kwamba tangu utotoni amepokea mambo mengi ya uongo akiyadhania kuwa kweli, na kwamba hana haja ya kuyakagua moja moja, kwani akiubomoa msingi, jengo lote litaanguka lenyewe. Andika: «anatangaza kazi». Kisha anasema kwamba hisi zimepata kumdanganya, na si busara kumwamini kabisa aliyekudanganya hata mara moja. Andika: «shaka ya kwanza». Papo hapo anageuka: atakataaje kwamba yupo hapa, ameketi karibu na moto, amevaa joho la majira ya baridi, ameshika karatasi hii mikononi? Akikataa hayo atakuwa sawa na wale wendawazimu wanaodhani vichwa vyao ni vya udongo au miili yao ni ya kioo. Andika: «anajipinga».

Hapo ndipo inapokuja aya yako ya ndoto. Mara ngapi, anauliza, usingizi umemfanya aamini kwamba yupo hapa, amevaa joho, ameketi karibu na moto, kumbe amelala kitandani bila nguo? Utazame huo moto, maana ni uleule wa aya iliyotangulia. Aya ya ndoto haikuja kuzungumzia ndoto kwa ajili ya ndoto. Imekuja kulijibu lile pingamizi la moto. Wewe umekuwa ukiisoma kana kwamba imesimama peke yake, ukijiuliza kama kweli maisha ni ndoto, na hilo ndilo lililokukwamisha. Andika: «shaka ya pili, yajibu pingamizi».

Ukiendelea utamwona akijipinga tena: hata ndotoni, mbili na tatu ni tano, na mraba una pande nne. Halafu inafuata shaka ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, kwamba huenda yupo mwenye uwezo wote anayemkosesha hata katika hesabu hiyo nyepesi. Ukiyasoma maneno ya pambizoni peke yake utaiona njia nzima: shaka, pingamizi, shaka pana zaidi, pingamizi, shaka iliyo pana kuliko zote. Hutakuwa umekielewa kila kitu, lakini utajua umesimama wapi, na kazi ya usomaji wa kwanza ni hiyo.

Kujua kama umefanikiwa, funga kitabu, useme kwa sentensi mbili mwandishi alianzia wapi na amefikia wapi. Ikiwa unayokumbuka ni picha tu, yaani moto, kitanda na ndoto, bila «kwa sababu» hata moja inayoziunganisha, basi umeokota mifano ukaziacha hoja. Na ukiona pambizo zako zimejaa «anasema kwamba», umerudi kunakili, nami nakuomba ufute uanze upya.

Mwalimu, kwa nini mwanafalsafa mkubwa kama Descartes aliamini kwamba kuna pepo anayetudanganya?

Hakuamini. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na kila mara muulizaji amekifunga kitabu mwishoni mwa Tafakuri ya Kwanza. Descartes anasema waziwazi kwamba *atachukulia* kuwepo kwa pepo huyo, na anatoa sababu: maoni ya zamani humrudia kwa nguvu ya mazoea, kwa hiyo anahitaji uzito wa kuuelemea upande wa pili wa mizani. Yachunguze maneno kama «nitachukulia», «tuseme», «huenda» na «mtu atasema». Ukiyaruka, utambebesha mwandishi imani ambayo yeye ameileta ili aipime.

Kosa hilohilo linampata Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa Enzi za Kati. Katika mkusanyo wake mkuu wa teolojia, kila swali dogo huanza na hoja za upande anaokusudia kuujibu, zikitanguliwa na «inaonekana kwamba». Baadaye huja «lakini kinyume chake», na sauti yake mwenyewe husikika kwa ukamilifu pale anapoandika «najibu». Pale anapouliza kama Mungu yupo, hoja mbili za mwanzo zinasema hayupo, ya kwanza ikishika uwepo wa uovu duniani. Nimeshapokea insha iliyomnukuu hapo kama mkana Mungu, na aliyeiandika hakuwa mvivu wa kufikiri; alichokosa ni kugeuza ukurasa. Kabla hujanukuu sentensi yoyote, jiulize nani anaisema.

Nisome kurasa ngapi kwa saa?

Soma Tafakuri moja kwa kikao kimoja, na saa uiache.

Je, si afadhali nianze na muhtasari wa mtandaoni ndipo niingie kitabuni?

La. Muhtasari huondoa kitu kilekile ambacho usomaji wa kwanza unatakiwa kukuonyesha, yaani mahali mwandishi anapojipinga na kugeuka. Ukishauamini, utaingia kitabuni ukitafuta ulichoambiwa, na utakipata hata mahali ambapo hakipo. Chukua mfano mmoja. Karibu kila muhtasari utakwambia kwamba katika Tafakuri ya Pili Descartes anafikia kauli «nafikiri, kwa hiyo nipo». Ifungue. Anachosema pale ni kwamba kauli «mimi nipo» ni kweli kila ninapoitamka au kuiwaza akilini, wala ile «kwa hiyo» mashuhuri haimo. Imo katika kitabu chake cha mwaka 1637 kuhusu mbinu ya kuiongoza akili, na tena katika kile cha kanuni za falsafa cha mwaka 1644. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu wanafalsafa wanabishana hadi leo kama hapo kuna hatua ya hoja au ni jambo linaloonekana kwa mtazamo mmoja wa akili, na aliyesoma muhtasari peke yake hana hata habari kwamba mjadala huo upo.

Ninakuruhusu muhtasari mmoja tu, ule alioutanguliza Descartes mwenyewe kabla ya Tafakuri ya Kwanza. Ni wa kurasa chache, na unakwambia kila Tafakuri imebeba nini. Utangulizi mrefu wa mfasiri au mhariri uusome ukishamaliza, maana mara nyingi ni upande mmoja wa ugomvi ambao wewe bado hujausikia.

Nikikutana na neno nisilolijua, nisimame nitafute kamusi?

Lizungushie duara uendelee. Likikurudia mara tatu katika kurasa mbili, hapo simama ulitafute. Lakini nakuonya juu ya kamusi ya kawaida, kwa kuwa maneno yanayopotosha zaidi ni yale unayodhani unayajua. Katika Tafakuri ya Tatu, Descartes anazungumzia uhalisi ambao wazo linao kwa sababu ya kitu linachokiwakilisha, na neno la Kilatini analolitumia kuutaja ndilo asili ya neno ambalo lugha za Ulaya za leo hulitumia kwa mambo yaliyo nje ya akili na yasiyotegemea mawazo ya mtu. Msomaji anayeleta maana ya leo ataigeuza hoja nzima kichwa chini miguu juu, na hakuna kamusi ndogo itakayomzindua. Atakayemsaidia ni mwandishi mwenyewe, akisoma sentensi tano zinazofuata kabla ya kuamua.

Nimemaliza kusoma kwa mara ya kwanza. Nina alama kumi na tisa za kuuliza. Nianze na ipi?

Zipitie zote kwa haraka na ufute zile ambazo kurasa za mbele zimekwisha kuzijibu. Sitashangaa zikibaki saba au nane. Kati ya hizo, kama mojawapo ni ya ile nta ya Tafakuri ya Pili, anza nayo. Nta imetoka mzingani, bado ina ladha ya asali na harufu ya maua. Inasogezwa motoni, na ladha, harufu, rangi, umbo na ugumu vyote vinaondoka, nasi bado tunasema ni nta ileile. Wengi huwekea alama pale inapoyeyuka, wakidhani ugumu uko kwenye nta. Sogeza alama yako hadi pale anapouliza ni kwa kitu gani tulijua kwamba ni ileile, kama si kwa macho wala kwa mkono. Isome aya hiyo na ile inayoifuata kwa pamoja, uandike pambizoni anachokifanya, kisha uniletee swali lako ukitaja Tafakuri na aya.