Gesi ikivuja, anzia sakafuni

Mafundi wengi wapya wakiitwa kwenye nyumba inayonuka gesi husimama mlangoni, wananusa, kisha wanasema, "Si nyingi." Pua yako iko zaidi ya mita moja juu ya mahali penye gesi yenyewe.

Gesi ya mtungi ni propani na butani. Hewa na gesi zikiwa na joto moja na mgandamizo mmoja, lita moja ya kila moja hubeba idadi ileile ya molekuli, kwa hiyo kinachoamua uzito ni molekuli moja ina uzito gani. Ya hewa, kwa wastani, ni 29. Propani ni 44, butani 58. Ndiyo maana propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, na butani mara mbili. Ikivuja polepole kwenye chumba kilichotulia, inatiririka chini kama maji, inaingia chini ya kabati na kwenye mifereji.

Sasa piga hesabu hii, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Gesi huanza kuwaka ikifika takriban asilimia 2 ya hewa. Chukua jiko la mita 3 kwa 3, dari mita 2.5. Ili chumba chote kifike kiwango hicho unahitaji lita 450 za gesi, karibu kilo nzima. Lakini ikitanda sentimita 10 tu juu ya sakafu, lita 18 zinatosha, yaani gramu 40 hivi. Mtungi hata hautaonekana umepungua. Na friji, ambayo motor yake iko chini kwa nyuma, inajiwasha yenyewe bila kukuuliza, na swichi yake inaweza kutoa cheche.

Kwa hiyo usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima, wala usichomoe plagi. Funga vali ya mtungi, fungua mlango wa nje wazi kabisa, toa watu. Dirisha la juu peke yake husaidia kidogo sana. Gesi inahitaji njia ya kutokea usawa wa sakafu. Feni usiiwashe. Uvujaji utafute baadaye, hewa ikishasafika, kwa povu la sabuni kwenye regulata na maungio ya mpira. Kiberiti kamwe.

Kuna mpaka wa haya yote. Upepo au watu wakipitapita huichanganya gesi na hewa, na ikishachanganyika haijitengi tena ikarudi chini. Kwa hiyo usidhani juu ni salama kwa sababu tu gesi ni nzito. Na king'ora cha gesi ya mtungi kifungwe karibu na sakafu, kisizidi sentimita 30. Ukikuta nyumba inayotumia gesi asilia ya bomba, geuza: hiyo ni methani, molekuli yake ni 16, inapanda, na king'ora chake hukaa karibu na dari.