Namba, tarehe na hela: kuandaa meseji ya Kiswahili kabla mashine haijaisoma

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Ngamiani hapa Tanga, natengeneza programu inayowapigia simu wanachama wa kikoba na kuwasomea meseji kwa sauti, maana wengi ni watu wazima na maandishi ya simu yanawasumbua. Sauti yenyewe ni nzuri ila ikifika kwenye namba inaharibu kila kitu. Meseji ni hii: "Ndg. mwanachama, una hisa 12 na wadhamini 2. Marejesho yako ya TSh 235,000/= mwisho ni 05/03/2025 saa 9:30 alasiri." Nitafute sauti nyingine au nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kabla hujahangaika na sauti nyingine fanya jaribio moja, iandike hiyo meseji yote kwa maneno matupu, bila tarakimu hata moja wala kifupisho, halafu mpe mashine asome. Akisoma vizuri basi sauti haina kosa, kosa liko kwenye maandishi unayompa, na nina uhakika ndo utakavyokuta. Mashine hizi zinajua kutamka herufi, kazi ya kugeuza 235,000/= kuwa maneno ni ya programu yako na inatakiwa ifanyike katikati, meseji ikishatoka kwenye data na kabla haijafika kwenye sauti.

Na kosa linatofautiana kutokana na mashine unayotumia. espeak-ng inajaribu kusoma namba yenyewe kwa kanuni zake, jaribu `espeak-ng -v sw "wadhamini 2"` usikie, yeye haangalii neno la kabla. Ukitumia sauti ya Kiswahili ya MMS, mashine ya Meta, ndo hatari zaidi, kwasababu ile inasoma herufi zilizomo kwenye orodha yake tu, alama isiyokuwemo inaitupa kimya kimya bila kukwambia chochote. Fungua faili lake la `vocab.json` uangalie tarakimu zipo au hazipo, kama hazipo mwanachama atasikia "una hisa na wadhamini" basi, na wewe kwenye kompyuta huoni kosa lolote limeandikwa.

Sasa tuanze na hizo namba za kawaida maana ndo wengi wanapokwama. Angalia meseji yako, kuna hisa 12 na wadhamini 2. Hisa ni kumi na mbili, lakini wadhamini ni wawili, na wangekuwa 12 ingekuwa kumi na wawili. Kwaiyo huwezi kuigeuza namba peke yake, lazima ujue inahesabu nini. Bahati nzuri Kiswahili kinaweka jina kwanza namba baadae, kwaiyo programu inaangalia neno lililo kushoto kwa namba na mara nyingi mwanzo wa neno hilo unatosha. Zinazobadilika ni moja, mbili, tatu, nne, tano na nane tu, sita saba tisa na kumi haziguswi. Kipande chenyewe ni kifupi, `ngeli` humo ni herufi mbili za mwanzo wa jina:

```python
SHINA = {2:"wili", 3:"tatu", 4:"nne", 5:"tano", 8:"nane"}
TUPU = ["", "moja", "mbili", "tatu", "nne", "tano",
        "sita", "saba", "nane", "tisa"]
MOJA = {"wa":"mmoja", "vi":"kimoja", "mi":"mmoja", "ma":"moja"}

def mwisho(n, ngeli):
    if ngeli in MOJA and n == 1:
        return MOJA[ngeli]
    if ngeli in MOJA and n in SHINA:
        return ngeli + SHINA[n]
    return TUPU[n]
```

Hiyo `mwisho` inaitwa kwa tarakimu ya mwisho peke yake, hapo uwe makini sana. Watu 25 ni ishirini na watano, watu 102 ni mia moja na wawili, ila watu 2,000 ni elfu mbili, sio "elfu wawili", kwasababu ile mbili inahesabu elfu, haihesabu watu. Na moja ina tabia yake, jina liko kwenye wingi lakini yenyewe inachukua umbo la umoja, vitabu 21 ni ishirini na kimoja, ndo maana nimeiwekea orodha yake.

Halafu kuna majina yatakayokudanganya. Mita, milioni na mia zote zinaanza na mi ila tunasema mita tatu, milioni mbili, mia tano. Maili na mashine zinaanza na ma ila ni maili tano, mashine mbili. Upande wa pili kuna viumbe hai ambao neno lao halianzi na wa lakini namba inawahesabu kama watu, yani kuku watano, mbuzi wanane, samaki watatu, marafiki wawili, madaktari wanne. Hapa hakuna ujanja wa kanuni, tengeneza orodha mbili za mkono, moja ya wadanganyifu wasiobadilisha namba na nyingine ya viumbe hai, programu iangalie orodha kwanza ndo ije kwenye mwanzo wa neno. Kwa meseji za kikoba orodha itakuwa fupi tu, maneno yenu hayazidi hisa, wadhamini, mikopo, wiki, miezi, siku na faini.

Kitu kingine kinachotokea sana, katikati ya jina na namba kunaingia neno, mfano "mikopo yako 2". Neno la kushoto hapo ni "yako", na hilo halikwambii kitu, maana mikopo yako ni miwili, madaftari yako ni mawili. Kwaiyo ukikuta yako, yake, yangu na wenzao rudi neno moja nyuma zaidi. Na ukikuta wa, ya, la, cha kabla ya namba basi hiyo ni ya mpangilio, "mkutano wa 2" ni mkutano wa pili, wa 1 ni wa kwanza, wa 3 ni wa tatu bila kubandika kitu mbele.

Tuje kwenye hela, maana hapa ukikosea mtu anapata presha bure. Alama ya /= itoe yote, mkato wa maelfu pia uutoe, ukiuacha kuna mashine inasoma mia mbili thelathini na tano, inapumzika, halafu sifuri. Mpangilio wenyewe hauna shida, maandishi yanaanza na TSh na mdomo nao unaanza na shilingi. Shida iko kwenye kusema namba. Wewe 235,000 yako ni rahisi, shilingi laki mbili na elfu thelathini na tano, kila mtu Tanga atakuelewa. Lakini fikiria mwanachama mwenye deni la 30,005 baada ya makato. Ukisema elfu thelathini na tano, yeye anasikia 35,000. Ni maneno yaleyale kabisa kwa hela mbili tofauti! Kuna wanaoweka mkato ili sauti ipumzike katikati, ila kwenye simu yenye mawimbi mabovu mtu wa Pangani huko hawezi kutegemea kupumzika kwa sauti. Mimi kanuni yangu ni hii, kama baada ya maelfu hakuna mia na kuna mabaki ya chini ya 100, elfu iende nyuma: thelathini elfu na tano. Kama kuna mia hapo katikati hakuna utata, 30,500 ni elfu thelathini na mia tano, inaeleweka tu.

Muda ndo unataka ujue meseji imetoka wapi. Katibu akiandika "saa 9:30 alasiri" hiyo tayari ni saa ya Kiswahili, soma saa tisa na nusu alasiri, usitoe sita. Lakini kama muda umetoka kwenye data ya kompyuta, 15:30, hapo ndo unageuza, kwa Python ni `(h - 6) % 12 or 12`, hiyo `or 12` inakuokoa kwenye 06:15 isije ikasoma saa sifuri na robo badala ya saa kumi na mbili na robo. Dakika 45 ongeza saa moja kwenye `h` kabla ya kugeuza, halafu useme kasorobo, yani 15:45 ni saa kumi kasorobo. Kinachotofautisha hizo mbili kwenye programu ni maneno asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku, yakifuata baada ya namba usiguse saa.

Tarehe usiipokee ikiwa 05/03/2025 kama unaweza kukwepa, kuna simu zimewekwa mtindo wa Kimarekani hiyo kwao ni Mei tatu. Hifadhi kama 2025-03-05 na wakati wa kusoma sema tarehe tano mwezi wa tatu, kwa watu wazima inaingia kichwani haraka kuliko Machi.

Vifupisho ni orodha tu, Ndg. ni ndugu, n.k. ni na kadhalika, S.L.P. ni sanduku la posta. Wa kuchunga ni "Na." ya namba, igeuze pale tu inapofuatwa na tarakimu, la sivyo kila sentensi inayoanza na "Na" itaharibika. Majina ya herufi kubwa yaandike yanavyotamkwa mtaani: TRA iwe tiaraei, CCM iwe sisiemu, SACCOS iwe sakosi, NIDA ishushe tu iwe nida.

Mpangilio wa kazi nao unahesabika. Anza na namba za simu na za uanachama, hizo zisomwe tarakimu moja moja (chochote kinachoanza na sifuri, ila hakina mkwaju wala nukta mbili za saa ndani yake, kichukulie hivyo), halafu tarehe, halafu hela, halafu muda, namba zenye majina, mwisho mabaki. Ukianza na namba za kawaida tarehe yako itasomwa tano mkwaju tatu mkwaju na haitarekebishika tena. Meseji yako ikipita humo inatoka hivi: "Ndugu mwanachama, una hisa kumi na mbili, na wadhamini wawili. Marejesho yako ya shilingi laki mbili na elfu thelathini na tano, mwisho ni tarehe tano mwezi wa tatu mwaka elfu mbili na ishirini na tano, saa tisa na nusu alasiri." Ule mkato baada ya kumi na mbili nimeuongeza makusudi, "na" zikifuatana bila kupumzika hesabu zinaungana masikioni.

Mwisho kabisa weka mlinzi mlangoni, kagua maandishi yaliyotoka kwa `[0-9/=]`, ikibaki alama hata moja simu isipigwe, meseji irudi kwa katibu aisome yeye mwenyewe. Mwanachama akikosa simu leo atapigiwa kesho, lakini akisomewa deni ambalo sio lake atakuja na daftari mpaka kwa mwekahazina.